Gazeti la maandazi

Mwaka 2008 nilikuwa nafundisha Kiswahili darasa la sita katika kijiji kimoja wilayani Kongwa. Wanafunzi 58, vitabu 6, na kimoja kilikuwa hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Habari zote za ufahamu watoto walishazikariri. Hujamaliza kuuliza, jibu limeshakuja.

Jumamosi moja stendi ya Kibaigwa nilifungiwa maandazi kwenye ukurasa wa gazeti. Mafuta yalikuwa yameloweka kona moja hadi unaona vidole upande wa pili. Habari kubwa ilikuwa ya bei ya mahindi: gunia limefika shilingi 36,000, wakulima wachekelea. Kulikuwa na picha ya mwanamume amesimama juu ya magunia, na chini kabisa maneno "Inaendelea ukurasa wa 7". Ukurasa wa 7 bila shaka ulifungia maandazi ya mtu mwingine.

Usiku, kwa mwanga wa koroboi, niliandika maswali kumi na moja. Kila swali nilijaribu kulijibu mwenyewe kwa namna mbili zinazopingana. Likikataa, basi ni la kutafuta jibu tu, si la kujadili. "Gunia ni shilingi ngapi?" ni la kutafuta, nililibakiza moja la aina hiyo, liwe la kwanza, ili hata asiyesoma vizuri aanze na kitu mkononi. "Je, bei nzuri ina faida kwa mkulima?" nililifuta. Darasa zima lingeitikia "Ndiyooo, mwalimu" na mjadala ungekuwa umekwisha. Yakabaki manne.

Jumatatu niliwahi, nikanakili aya tatu ubaoni. Ukurasa wenyewe ukapita kundi hadi kundi kwa ajili ya picha. Sharti lilikuwa moja: ukisema jambo, onyesha sentensi iliyokufanya uliseme.

Swali la pili ndilo lililowaamsha: "Katika habari hii nani amesema, na nani hakuulizwa?" Wakahesabu. Waliosema ni mfanyabiashara na kiongozi mmoja. Kichwa cha habari kinasema wakulima wanachekelea, lakini katika aya zile tatu hakuna mkulima aliyefungua mdomo. Mvulana mmoja alitetea kwamba labda wamo ukurasa wa 7. Nikamkubalia, ni hoja.

Kisha msichana wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari sikuwa nimesikia sauti yake, akauliza: "Mwalimu, gunia lipi?"

Sikumwelewa. Akaja mbele, akaweka kidole kwenye picha. Magunia yale yalikuwa na vilemba, yameshonewa kamba juu ya mdomo. "Hili ni lumbesa. Bibi anauza hivi. Linaingia debe nane."

Sikuwa nimeliandaa swali hilo, na lilikuwa bora kuliko yangu yote manne. Tulipiga hesabu ubaoni. Gunia la debe sita kwa shilingi 36,000, debe ni 6,000. Lumbesa la debe nane kwa bei ile ile, debe ni 4,500. Gazeti limeandika "gunia" tu. Je, mwandishi amedanganya, au hakujua, au hakuona haja ya kuuliza? Hapo kelele zikawa kubwa hadi mwalimu wa darasa la jirani akachungulia dirishani.

Ila nilikosea mahali. Swali langu la nne nililibadilisha papo hapo: "Nani anamfanya mkulima ajaze lumbesa?" Kichwani lilionekana zuri. Darasani nikaona macho yanageukia upande mmoja, kwa kijana ambaye baba yake alikuwa dalali. Alikuwa ameinamisha kichwa anachora mezani kwa ukucha. Nililikatisha upesi, nikayapa makundi mawili kazi ya kumtetea mnunuzi: nauli ya lori, ushuru, mahindi yanayooza njiani. Ilisaidia kidogo. Kijana hakusema neno hadi kengele.

Kesho yake asubuhi baba yake alikuwa amesimama chini ya mbuyu, baiskeli mkononi. Nikajiandaa kuomba radhi.

"Mbukwa, mwalimu."

"Mbukwa, mzee."

Akaomba kuuona ukurasa. Aliusoma taratibu, midomo ikicheza, akaishika picha kwa muda mrefu.

"Lumbesa simpangii mkulima mimi," akasema. "Tajiri akija na lori anasema bila kilemba hapakii. Nikikataa, anamchukua dalali mwingine." Akafika chini, akaugeuza ukurasa, akaugeuza tena. "Hilo wamelisema huku ukurasa wa saba?"

Nikamwambia ukurasa wa saba sina.

Akaukunja vizuri kufuata mikunjo ile ile ya maandazi, akanirudishia.

"Ukiupata," akasema, "mtume kijana aje aniite."