Tegu wa mbwa wangu walirudi baada ya wiki tatu

Nilikuwa namsafisha Simba nikaona kipunje cheupe kama mchele kwenye manyoya chini ya mkia. Nilipotaka kukitoa, kikajikunja. Kwenye godoro lake vilikuwepo vingine, vimekauka na kuwa vya manjano kama ufuta. Zilikuwa pingili za tegu, na kila moja hubeba mayai.

Nilimpa dawa ya minyoo niliyokuwa nayo, ya pairanteli. Haikusaidia kitu, kwa sababu hiyo huua minyoo ya mviringo, siyo tegu. Daktari wa mifugo akampima uzito, akampa prazikwanteli. Kipimo ni miligramu 5 kwa kila kilo. Simba ana kilo 14, kwa hiyo alipata kidonge kimoja na nusu cha miligramu 50. Sikuona mnyoo ukitoka, nikaingiwa na wasiwasi, lakini daktari alinieleza kwamba tegu akishakufa humeng'enywa humo humo tumboni. Pingili zikakoma.

Wiki tatu baadaye zikarudi. Nililaumu dawa, kumbe dawa ilifanya kazi yake. Huua tegu waliomo siku ile, haizuii wapya.

Daktari alichukua kitana chenye meno ya karibu karibu, akamchana Simba mgongoni karibu na mkia, akakung'utia vumbi jeusi kwenye pamba iliyolowa. Vumbi likaacha duara jekundu. Ule ni uchafu wa viroboto, damu iliyomeng'enywa. Mbwa hapati tegu huyu kwa kula mayai yake. Mayai huliwa na mabuu ya viroboto kwenye matandiko, kisha kiroboto akishakua anakuwa na tegu mchanga ndani yake. Simba akijikuna kwa meno anammeza, na baada ya wiki mbili tatu pingili zinaonekana tena. Mtoto mdogo akimmeza kiroboto huyo naye anaweza kupata.

Basi mara ya pili tulimpa prazikwanteli pamoja na dawa ya viroboto, na hiyo ya viroboto nikaendelea nayo kila mwezi kwa miezi mitatu. Paka wetu alipewa ya kwake siku hiyo hiyo. (Wenye paka, tafadhali sana: dawa ya mbwa yenye permethrini inaweza kumuua paka.) Matandiko niliyafua kwa maji ya moto kila wiki, na nyufa za sakafu na chini ya makochi nikavuta vumbi kila siku mbili.

Wiki ya nne bado nilikuta viroboto wawili kwenye kitana. Sikubadilisha dawa. Kiroboto aliyemo kwenye kifukofuko hafikiwi na dawa, anaweza kukaa humo kwa wiki nyingi kabla ya kutoka. Mwezi wa tatu pamba ilibaki nyeupe, na chini ya mkia wa Simba sijaona kipunje tena.