Barua ya rufaa iliyonirudisha ghalani

Nilikuwa mtunza ghala wa kampuni ya pembejeo hapa Tabora. Msimu wa kupanda tumbaku, gari la kwenda Sikonge lilipakia mifuko 40 ya mbolea ya NPK, na hati ya kutolea mzigo ikawa na saini yangu peke yake. Utaratibu unataka saini mbili. Msimamizi wangu alikuwa Urambo siku hiyo. Nilimpigia, akasema gari liondoke, kisha akanitumia ujumbe: "Ruhusu, nitasaini nikirudi." Mbolea ilifika yote na wakulima wakapokea.

Baada ya wiki kadhaa nikaitwa kwenye kikao cha nidhamu, nikaachishwa kazi kwa kutoa mali ya kampuni bila idhini.

Barua ya kwanza niliyoandika ilikuwa ya hasira tupu, imejaa "uonevu" na "chuki binafsi". Baba mdogo, ambaye ni karani mstaafu wa masijala, aliisoma akaniuliza, "Mwanangu, hapa unataka wakuonee huruma au wakujibu?" Tukaichana.

Tulianza na muda. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zina mwongozo unaompa mfanyakazi siku tano za kazi kukata rufaa kwa ngazi ya juu ya uongozi. Kwa hiyo barua fupi inayofika ndani ya muda ni bora kuliko nzuri inayochelewa. Niliipeleka kwa mkono, nikabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, kesho mtu anaweza kusema hajaiona.

Sehemu ya utaratibu niliijenga juu ya mambo mawili tu. La kwanza ni wito: nilipewa Alhamisi saa kumi jioni, kikao kikawa Ijumaa saa tatu asubuhi. Kanuni ya 13 inasema muda wa kujiandaa kwa kawaida usipungue saa 48. Sikuishia hapo, maana mkubwa anaweza kujibu kwamba saa hizo zisingebadilisha kitu. Niliandika zilininyima nini: "Kwa muda huo sikuweza kumpata dereva wa gari, ambaye alisikia maongezi ya simu, wala mwenzangu wa kunisaidia kikaoni."

La pili ndilo lililokuwa zito. Aliyeongoza kikao ni msimamizi yuleyule aliyeniruhusu kwa simu, wakati kanuni hiyohiyo inataka mwenyekiti awe mtu asiyehusika na mazingira ya tuhuma. Hapa ndipo kalamu ilipotaka kuteleza. Baba mdogo alinikataza kumwita mwongo. Tukaandika hivi: "Mwenyekiti wa kikao ndiye aliyetoa ruhusa inayobishaniwa. Kwa heshima, alipaswa kuwa shahidi, si mwamuzi. Ujumbe wake upo katika Kiambatanisho B." Sentensi hiyo haimtukani mtu, na kuikanusha ni kazi.

Kwenye uzito wa adhabu sikukana kwamba saini ya pili haikuwepo. Ukikana kinachoonekana kwenye karatasi, hawatakuamini hata pale unaposema kweli. Swali langu lilikuwa jingine: je, kosa la kwanza, lisiloleta hasara, linastahili kuachishwa kazi? Kanuni ya 12 inasema kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa liwe zito kiasi cha kufanya ajira isiweze kuendelea, na inamtaka mwajiri aangalie rekodi ya mfanyakazi na muda aliotumikia. Niliambatanisha hati ya mapokezi ya Sikonge na orodha ya hati nyingine za msimu huohuo zilizotoka kwa saini moja, bila mtu kuhojiwa. Majina ya wenzangu sikuyaweka, nikataja namba za hati tu. Nilitaka kuonyesha kwamba utaratibu wa saini mbili haukutumika kwa usawa, si kuwachongea watu.

Mwisho niliomba nafuu kwa mpangilio: kwanza uamuzi ufutwe, ikishindikana, kikao kirudiwe mbele ya mwenyekiti mwingine, ikishindikana hilo nalo, adhabu ipunguzwe iwe onyo la maandishi. Wengi huomba kurudishwa kazini tu, kisha mkubwa anayetaka kulegeza kidogo anakosa pa kushika. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi sikuitaja, kwa sababu ingesomeka kama kitisho. Lakini kalenda niliiangalia, kwani mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa huko ndani ya siku 30.

Majibu yalikuja kutoka makao makuu. Adhabu ikabadilishwa kuwa onyo la mwisho la maandishi, na mshahara nikalipwa bila kukatwa. Barua yao ilitaja kwamba hapakuwa na hasara na kwamba rekodi yangu ilikuwa safi. Kuhusu mwenyekiti haikusema neno, ila mwezi uliofuata likatoka agizo kwamba vikao vya nidhamu vya ghala letu viongozwe na meneja kutoka tawi jingine.