Shingo nyeusi na sukari ya asubuhi iliyosoma vizuri: uzoefu wangu

Naandika hii kwa ajili ya wenye ule weusi wa nyuma ya shingo na kwapani ambao unaoga, unasugua na hautoki ng'o, hasa wale ambao wameshapima sukari asubuhi wakaambiwa wako poa, maana hata mimi niliambiwa hivyo hivyo.

Mi ni fundi cherehani hapa Moshi, nakaa Majengo. Weusi wangu ulikuja polepole sana, kwanza shingoni afu kwapani, na ukipitisha kidole unaona kabisa sio rangi tu, ngozi imekuwa nene na laini laini kama kitambaa cha mahameli, mistari yake inaonekana kwa macho. Pembeni ya shingo vikaanza kuota na vile vinyama vidogo vya kuning'inia, visunzua. Msusi wangu siku moja ananisuka akaniambia, "Mama Glory, hii shingo nikufanyie skrabu halafu nikuuzie krimu, wiki mbili imetakata." Nikamwambia hapana dada, maana mama yangu ana kisukari na nilikuwa nakumbuka shingo yake ilikuwa hivi hivi miaka mingi kabla hajaambiwa anaumwa.

Nikaenda duka la dawa asubuhi kabla ya chai, wakanitoboa kidole, mashine ikasoma 5.4. Yule kijana akasema mama uko salama, na kwa hiyo namba hakusema uongo, kwa sababu kwa mtu ambaye hajala, wasiwasi unaanzia kwenye 5.6 na kisukari chenyewe kinaanzia 7.0. Ila shingo ilikuwa bado inaniambia kitu kingine, nikaamua kwenda kliniki ya ngozi pale hospitali ya KCMC.

Daktari kitu cha kwanza alichukua pamba yenye spiriti akanisugua shingoni kwa nguvu kidogo, akanionyesha pamba, nyeupe kabisa. Akasema kuna watu wana utando unaofanana na uchafu, sabuni haiutoi lakini spiriti inautoa, hao shida yao ni nyingine. Mimi wangu haukutoka. Afu akaangalia kwapa, vifundo vya vidole, viganja na mpaka mdomoni, akauliza umeanza lini, umekonda bila sababu? unatumia vidonge gani? hedhi inakuja kwa mpangilio? una ndevu kidevuni? Mi nilishangaa hedhi na shingo vinahusiana nini, kumbe kuna tatizo la homoni kwenye ovari ambalo mara nyingi linaongozana na hii hali. Na swali la kukonda lina sababu nzito: mtu mzima ambaye weusi umemjia kwa haraka, anakonda, na ngozi inabadilika mpaka viganjani na mdomoni, huyo wanamtafuta saratani, hasa ya tumbo, hiyo sio stori ya kusubiri.

Kwangu hayo hayakuwepo. Akanipima kiuno, sentimita 98, na kwa mwanamke wanaanza kuangalia kwenye 80. Mimi napima viuno vya watu kila siku kwa futi kamba, cha kwangu sikuwahi kukifikiria kiafya.

Sasa hapa ndo penye utamu wa kuelewa. Sukari ikiingia kwenye damu, kongosho linatoa insulini ili misuli na ini vipokee ile sukari. Misuli na ini vikianza kutoisikia vizuri insulini, kongosho linaongeza dozi, linaongeza tena, na kwa sababu linajitutumua hivyo sukari ya asubuhi inaweza kubaki nzuri kwa miaka. Lakini ile insulini nyingi inayozunguka inafika na kwenye ngozi, na seli za ngozi zenyewe zinaichukulia kama amri ya kukua, zinaongezeka, ngozi inanenepa, na huo unene ndo unaonekana mweusi. Ndo maana dodoki halisaidii, tena kusugua sana kunazidisha kwa sababu msuguano wenyewe unaifanya ngozi iwe nene zaidi. Na krimu za kung'arisha ndo kabisa, nyingine zina zebaki, nyingine zina steroidi kali zinazofanya ngozi iwe nyembamba, na ukipaka nyingi kwa muda mrefu steroidi zinaingia mwilini na kupandisha sukari, yaani unatibu dalili huku unalisha ugonjwa.

Nikauliza basi nipimeni hiyo insulini. Akasema namba zake zinatofautiana maabara na maabara na haitabadilisha matibabu, bora kipimo cha kunywa glukozi. Nikaambiwa nile kawaida siku tatu kabla, nisijinyime wanga, afu usiku wa mwisho nisile. Asubuhi wakatoa damu, nikapewa gramu 75 za glukozi kwenye maji (tamu mpaka kichefuchefu), nikatakiwa nimalize ndani ya dakika tano, afu nikae tu, hakuna kutembea wala kula, masaa mawili wanatoa damu tena. Kabla ya kunywa: 5.4 vile vile. Baada ya masaa mawili: 9.3. Chini ya 7.8 ni salama, 11.1 kwenda juu ni kisukari, mimi nikawa katikati. Mtu yule yule, asubuhi ile ile, kipimo cha kwanza peke yake kingenirudisha nyumbani nikiwa na amani ya bure.

Nilikuwa na kilo 88, akanipa lengo la kupunguza kama 6, akasema tutarudia kipimo na kama hakitashuka tutaongelea vidonge vya sukari vya metfomini. Hakunikataza ndizi, namshukuru. Alichobana ni vinywaji, maana chai yangu ya kwenye cherehani ilikuwa vijiko vitatu na naijaza kikombe siku nzima, na soda kila mteja akinipa ofa. Nikahamia chai ya mkandaa yenye tangawizi bila sukari, mwanzo ilikuwa ngumu kweli. Sahani ya usiku nusu mnafu au mchicha, robo maharage au samaki, robo ndo ugali au machalari. Na nikawa natembea nusu saa baada ya chakula cha jioni karibu kila siku, kwa sababu msuli ukiwa unafanya kazi unavuta sukari bila kuhitaji insulini nyingi, na sisi tunaokaa kwenye kiti siku nzima misuli ya miguu imelala.

Kilo zilitoka taratibu, nikafika 82, na kipimo cha glukozi kiliporudiwa masaa mawili ikasoma 7.4. Metfomini haikuhitajika kwangu, ila usiache yako kwa kusoma hii, kuna watu wanaihitaji.

Ngozi sasa, msitegemee haraka. Kwanza ule unene ulipungua, shingo ikawa nyororo wakati weusi bado upo, afu rangi ndo ikafuata kwa miezi mingi. Daktari alinipa krimu ya urea ya kulainisha, inasaidia muonekano lakini haigusi chanzo. Blauzi zangu nikazikata upya makwapa yawe mapana zisisugue. Leo shingo imebaki kivuli kidogo, kwapa bado zipo nyuma. Visunzua havikuondoka kwa kupungua uzito, vilikatwa kliniki, na nawaomba msivifunge kwa uzi au unywele nyumbani, jirani yangu alifanya hivyo kikaoza kikatunga usaha. Sukari narudia kupima kila mwaka, na binti yangu Glory ana miaka 13, shingo yake imeanza kuwa na kivuli kile kile, likizo hii nampeleka.