Kumbukumbu ya mradi: bangili 258, majina 256

Jumamosi, usiku

Leo mfumo wangu wa kusajili wanaofika mkutanoni umekutana na giza la kweli. Vifaa ni vichache: laptopu yenye orodha nzima, ruta, na tableti tatu, moja kwa kila meza ya mlangoni. Laptopu na tableti zina betri zao, kwa hiyo nilinunua betri ya akiba kwa ajili ya ruta tu. Umeme ulikatika saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Betri ya akiba ikapiga kelele sekunde chache na kuzima.

Sababu niliiona nilipoinama chini ya meza: mtu alikuwa amechomeka printa ya leza kwenye betri hiyo. Ruta yangu inakula wati 12 hivi. Printa ya leza ikipasha joto roli yake huvuta mamia ya wati kwa mkupuo, wakati betri ile mwisho wake ni wati 360. Ilizidiwa, ikajizima, na ruta ikaenda nayo.

Tukahamia kwenye karatasi. Orodha nilikuwa nimeichapisha asubuhi kwa alfabeti ya jina la kwanza, kwa sababu mtu akifika mezani hilo ndilo analotaja. Kila meza ilikuwa na herufi zake, na mwishoni mistari mitupu ya wasiojiandikisha mapema. Foleni haikusimama. Umeme uliporudi nilikusanya karatasi zote kwanza, ndipo nikaruhusu tableti zianze tena. Meza moja ikiwa kwenye karatasi na nyingine kwenye mfumo, mtu yuleyule anaweza kuhesabiwa kote kuwili.

Jumapili

Siku ya kuoanisha. Mwenzangu alisoma karatasi kwa sauti, mimi nikaingiza. Kila safu niliitia alama ya chanzo, `mfumo` au `karatasi`, na saa iliyoandikwa kwa kalamu. Saa ya kuingiza haina maana hapa, maana ingeonyesha watu mia wamefika Jumapili mchana.

Hesabu ilikuwa hivi: kabla ya giza 118, karatasi 100, baada ya umeme kurudi 41. Jumla 259. Kisha nikauliza:

```sql
SELECT tiketi, COUNT(*) FROM mahudhurio
GROUP BY tiketi HAVING COUNT(*) > 1;
```

Zikatoka tiketi tatu, zote za dakika ileile ya kukatika. Tableti zilituma, laptopu ikapokea na kuhifadhi, lakini ruta ikafa kabla jibu halijarudi. Wasaidizi waliona skrini imeganda wakawatia watu hao alama kwenye karatasi, na walifanya sawa kabisa. Nikaondoa safu tatu za karatasi, wakabaki 256.

Shida ni kwamba bangili za mkononi zina namba, zilianzia 001, na iliyobaki juu ya rundo ni 259. Maana yake zimetoka 258. Ninazipenda bangili hizi kwa sababu hiyo: ni hesabu ya tatu, isiyotegemea laptopu wala kalamu.

Moja tuliipata kwa kuulizana. Ilichanika ikivalishwa, ikatupwa, mgeni akapewa nyingine. Ya pili ilitugharimu mchana mzima. Kwenye orodha kuna watu wawili wenye majina yanayofanana yote mawili, wakiwa wamefuatana. Wa kwanza kufika alitiwa alama. Wa pili alipofika, msaidizi aliona alama, akadhani ameitia yeye mwenyewe muda uleule, akampa bangili na kumpitisha. Tulipompigia simu alithibitisha alikuwepo. Sasa rekodi ni 257, na bangili moja iliyoharibika. Zimekutana.

Jumatano

Nimebadilisha karatasi. Badala ya kisanduku cha alama ya vema, sasa kuna nafasi ya kuandika namba ya bangili. Msaidizi hawezi kuijaza bila kuitazama bangili aliyoishika, na bangili moja ikikosa mwenyewe nitaijua kwa namba, sitabaki na pengo la "mbili" nisilojua nianzie wapi. Kando ya jina nimeongeza tarakimu nne za mwisho za tiketi, kwa ajili ya majina pacha. Juu ya kila ukurasa kuna saa ya kuchapishwa, kwani aliyeingia baada ya hapo hana alama kwenye karatasi. Tiketi ikitiliwa shaka, inaulizwa kwenye laptopu, ambayo bado inawaka. Bangili zilizochanika zinaingia kwenye bahasha.

Betri ya akiba nimeifunga kwa utepe matundu yote isipokuwa moja. Nimezima swichi kuu ya chumba nikiwa na saa mkononi: ndani ni betri ya volti 12, ampea-saa 7, nayo imebeba ruta peke yake saa mbili na dakika arobaini. Kwa mlango wa asubuhi moja inatosha. Nitairudia kabla ya kila mkutano, maana betri za risasi hupungua nguvu kimyakimya hata zikikaa bila kazi.