Ankara iliyojumlishwa sawasawa na bado ina kosa la shilingi 31,320

Nafanya kazi ya hesabu kwa kontrakta mmoja hapa Industrial Area, Nairobi. Ankara nyingi zinazofika mezani kwangu ni za vifaa vya ujenzi, na kabla sijaipeleka ankara ikatiwe sahihi ya malipo, nataka niwe na uhakika kwamba kila mstari umezidishwa sawa na jumla imejumlishwa sawa. Watu wengi huanza na jumla. Wanachukua kalkuleta, wanajumlisha ile safuwima ya mwisho, inakubali, basi wanaipitisha. Mimi huanza na mistari, na ankara moja ya nondo itaonyesha kwa nini.

Ilikuwa na mistari minne, bei zote kabla ya VAT. Saruji mifuko 120 kwa 650.00, ikaandikwa 78,000.00. Nondo za milimita 12, vipande 64 kwa 1,085.00, ikaandikwa 96,440.00. Misumari kilo 37.5 kwa 145.69, ikaandikwa 5,463.36. Mbao futi 210 kwa 48.00, ikaandikwa 10,080.00. Chini yake jumla ndogo 189,983.36, VAT ya asilimia 16 ni 30,397.34, na jumla kuu 220,380.70.

Ukijumlisha zile hesabu nne unapata 189,983.36 kamili. Ukipiga asilimia 16 unapata VAT ileile. Kuanzia safuwima ya mwisho kwenda chini, ankara hiyo haina doa hata la senti moja.

Huwa nainakili kwenye Excel nikiandika mwenyewe kile ninachokisoma kwenye karatasi: idadi kwenye B, bei kwenye C, kiasi kilichoandikwa na muuzaji kwenye D. Kisha kwenye E naweka tofauti:

```
=B2*C2-D2
```

Saruji ilitoa sifuri, mbao sifuri. Misumari ilitoa 0.015. Nondo ilitoa -27,000, kwa sababu 64 mara 1,085 ni 69,440.

Hapo sikimbilii simu. Kwanza natafuta ni namba gani kati ya zile tatu iliyoharibika, maana huenda kiasi ni sahihi na ni idadi au bei ndiyo iliyoandikwa vibaya. Nagawanya kiasi kwa bei: 96,440 kwa 1,085 inatoa 88.88 na zaidi, na hakuna mtu anayeuza nondo 88 na vipandevipande. Nagawanya kiasi kwa idadi: inatoa 1,506.875, bei isiyofanana na chochote tulichokubaliana. Kama moja ya hizo ingetoa namba safi, tuseme vipande 84, ningejua pa kwenda, yaani hati ya mzigo aliyotia sahihi mwenye stoo pale saiti. Hazikutoa. Halafu tofauti yenyewe, 27,000, inagawanyika kwa 9 bila baki. Tarakimu mbili zilizopishana nafasi huacha tofauti ya aina hiyo kila mara, ingawa si kila tofauti inayogawanyika kwa 9 imetokana na kupishana. Nikaiangalia tena: 69,440 na 96,440. Sita na tisa zimebadilishana viti.

Nikampigia karani wa muuzaji. "Habari dada, naomba ufungue ile ankara ya nondo, uniambie mstari wa pili una fomula au umeandikwa kwa mkono."

Akanyamaza kidogo akiitafuta. "Aki pole, hii ni ya mkono. Fomula iko kwa ile jumla tu."

Ndiyo sababu jumla ilikuwa safi. Excel ilijumlisha kwa uaminifu kile ilichopewa, kosa likaingia kwenye jumla ndogo, likaongezwa VAT yake ya 4,320, na tungelipa 31,320 zaidi.

Kuna jambo jingine lililonisumbua kwenye ankara hiyo. Muuzaji alikuwa tayari ameiingiza kwenye eTIMS ya KRA, mfumo ambao ungeweza kuzidisha wenyewe idadi kwa bei. Lakini aliiingiza kama mstari mmoja: vifaa vya ujenzi, idadi 1, bei 189,983.36. Moja mara kitu chochote ni kitu hichohicho, kwa hiyo mfumo haukuwa na cha kugundua. Ukiona ankara ya eTIMS yenye idadi 1 na maelezo ya jumla namna hiyo, dai mchanganuo wa mistari na uukague huo.

Sasa turudi kwenye misumari, kwa sababu hapa ndipo watu hugombana na wauzaji bure. Tofauti ya senti moja na nusu si kosa. Dukani misumari ile inauzwa 169 kwa kilo pamoja na VAT. Ukigawanya kwa 1.16 unapata 145.6896 na kuendelea, ambayo kwenye karatasi inaonekana 145.69. Kompyuta ya muuzaji ilizidisha ile bei ndefu, mimi nikazidisha ile iliyofupishwa.

Kiwango ninachokiruhusu hakifanani kwa kila mstari. Bei iliyofupishwa hadi senti inaweza kupotoka kwa nusu senti kwa kila kipimo, kwa hiyo upotovu unakua na idadi. Kilo 37.5 zinaruhusu kama senti 19 hivi:

```
=IF(ABS(E2)<=B2*0.005+0.005,"sawa","angalia")
```

Fomula hii naitumia pale tu ninapojua bei imetokana na kugawanya. Bei ya 650.00 tuliyokubaliana kwenye oda haina cha kufupishwa, na hapo tofauti lazima iwe sifuri. Tena idadi ikiwa kubwa sana, ruhusa nayo inanenepa: skrubu 20,000 zinaruhusu shilingi 100, na hiyo ni nafasi kubwa ya kosa kujificha. Kwa bidhaa kama hizo namwomba muuzaji aandike bei ya kila elfu moja, au aonyeshe bei yenye tarakimu nne baada ya nukta.

Wale wanaonakili moja kwa moja kutoka PDF waangalie kitu kimoja. Namba inaweza kuingia Excel kama maandishi. Kwenye kuzidisha au kutoa, Excel mara nyingi huigeuza kuwa namba kimyakimya, mstari ukaonekana sawa, lakini `SUM` huiruka, na jumla yako inapungua bila maelezo. Kwa mistari minne naandika `=COUNT(D2:D5)`; isipotoa 4, kuna maandishi ndani.

Ankara ya nondo sikuikwaruza kwa kalamu. Ikishafika eTIMS, muuzaji haifuti. Anatoa hati ya krediti inayorejelea ankara ile. Nikaikagua nayo ilipofika: 27,000.00, VAT 4,320.00, jumla 31,320.00. Salio likawa 189,060.70, nikalilinganisha na hesabu yangu ya mistari minne sahihi pamoja na VAT, zikakubaliana hadi senti. Nikaziambatanisha zote tatu, ankara, hati ya krediti na hati ya mzigo, nikapeleka zitiwe sahihi.