Nimonia Iliyorudi Mahali Pale Pale

Nilikuwa daktari wa mafunzo kwa vitendo, nikizunguka wodi ya magonjwa ya ndani, alipolazwa mwalimu mmoja wa makamo mwenye homa, kikohozi na makohozi yenye harufu mbaya. Hiyo ilikuwa nimonia yake ya tatu ndani ya miezi mitano. Kila mara alipewa antibayotiki, akapata nafuu, akarudi kazini, na baada ya wiki chache homa ikarudi. Pale alipotibiwa kwanza walimwambia huenda ana pumu, wakampa dawa ya kuvuta. Haikumsaidia.

Usiku ule nilimsikiliza kifua kwa stetoskopu. Pafu la kushoto lilikuwa safi. La kulia, juu, pia safi. Nilipoteremka mgongoni, chini ya bega la kulia, hewa ilikuwa inaingia kwa shida, na kila alipovuta pumzi ulisikika mluzi mmoja, wa sauti moja, usiohama. Pumu huwa na miluzi mingi ya sauti tofauti, imetapakaa pande zote mbili. Mluzi wa sauti moja, mahali pamoja, unasema kwamba kuna njia moja ya hewa iliyobanwa. Hilo niliwahi kulisoma, lakini ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia kwa masikio yangu.

Asubuhi daktari bingwa wa mapafu alikuja kwenye raundi, mzee mtaratibu asiyependa kuharakishwa. Hakusoma kwanza ripoti ya picha ya eksirei. Aliomba picha zote tatu za miezi ile, akazipanga dirishani kwa tarehe, akatuita.

"Nionyesheni mpaka wa moyo upande wa kulia," alisema.

Tukatazama. Haukuwepo. Pale ambapo ukingo wa kulia wa moyo huonekana kama mstari safi, palikuwa na weupe uliofifia. Akauliza tena kuhusu mstari wa diaframu ya kulia, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Nao ulikuwa umefutika. Lakini juu ya pale pafu lilikuwa jeusi, limejaa hewa kama kawaida. Na hali ilikuwa hivyo hivyo katika picha zote tatu.

Alitueleza polepole. Kwenye eksirei tunaona ukingo wa kiungo kwa sababu kando yake kuna pafu lenye hewa. Pafu likijaa usaha, ukingo ule unapotea. Kipande cha pafu kinachougusa moyo upande wa kulia ni lobu ya kati. Kinachokaa juu ya diaframu ni lobu ya chini. Kwa hiyo lobu mbili zilikuwa zinaumwa na ya juu ilikuwa nzima. Kisha akatuuliza swali ambalo mpaka leo naliona ndilo lililomponya yule mwalimu: ni mrija gani mmoja unaopeleka hewa lobu ya kati na ya chini, bila kugusa ya juu?

Palikuwa kimya. Akageuza bahasha ya eksirei, akachora kwa kalamu ya risasi. Bomba la hewa likishuka kifuani hugawanyika kuwa mirija mikuu miwili, yaani bronkasi, kwenye ukingo mwembamba unaoitwa karina. Bronkasi kuu ya kulia, kwa mtu mzima, hushuka karibu moja kwa moja, ikikengeuka kama nyuzi 25 tu kutoka mstari wa katikati. Ya kushoto hukengeuka kama nyuzi 45. Ya kulia ni fupi, takriban sentimita 2.5, na pana zaidi. Ya kushoto ni nyembamba na ina urefu kama mara mbili yake.

Mwenzangu mmoja akauliza kwa nini mwili usiwe sawa pande zote. Mzee alifurahi kuulizwa. Alichora moyo ukiegemea kushoto na aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ikipinda juu ya bronkasi ya kushoto. Moyo umechukua nafasi, kwa hiyo pafu la kushoto ni dogo, lina lobu mbili. Bronkasi yake inalazimika kupita chini ya upinde wa aota, kisha kwenda kando mpaka ilifikie pafu lake. Upande wa kulia hakuna kizuizi cha namna hiyo. Pafu ni kubwa, lina lobu tatu, linabeba zaidi kidogo ya nusu ya hewa yote, na mrija wake ni mpana kulingana na kazi hiyo. Hata karina yenyewe imekaa kushoto kidogo, hivyo kitu kinachoshuka katikati ya bomba kinakuta mlango wa kulia uko wazi chini yake. Tena pumzi inayokikokota inakwenda kwa wingi kulekule.

Kisha akaonyesha tawi la lobu ya juu, linalojitenga mapema na kupanda kando. Baada ya hapo kinabaki kipande kifupi cha mrija kinachoelekea chini kabla hakijagawanyika kwenda lobu ya kati na ya chini. Akakizungushia duara.

"Kilichoziba kimekaa hapa," alisema. "Sasa twende tukamuulize mwenyewe."

Alivuta kiti akakaa usawa wa macho ya mgonjwa. Hakumuuliza kama amewahi kumeza kitu. Alimwambia, "Mwalimu, kabla ya homa ile ya kwanza, kuna siku ulipaliwa, ukakohoa mpaka machozi yakatoka?"

Mama yule alifikiri kwa muda. Kisha akasema ndiyo, lakini ilikuwa zamani na iliisha yenyewe. Alikuwa amekaa mezani anasahihisha madaftari, kifuniko cha kalamu kikiwa katikati ya meno, mwanafunzi akasema jambo, akacheka. Alikohoa kwa dakika kadhaa, kifua kikamchoma, halafu kikatulia. Kifuniko hakukiona tena. Akaamini amekimeza.

"Mbona hukumwambia daktari?" nilimuuliza.

"Hakuna aliyeniuliza, Dokta. Na mimi sikuona kama vinahusiana."

Hakuwa na sababu ya kuona hivyo. Katikati ya kicheko mtu huvuta hewa kwa ghafla huku nyuzi za sauti zikiwa wazi, na hapo ndipo kitu hupita. Hukohoa sana mtu, kwa sababu neva zinazochochea kikohozi zimesongamana kwenye koo na kwenye karina. Kitu kikishavuka pale kikatulia ndani zaidi, neva hizo huzoea, kikohozi hupoa, naye mtu hujiona amepona. Kipindi hicho cha utulivu kinaweza kuchukua wiki au miezi. Na plastiki haionekani kwenye eksirei. Kinachoonekana ni madhara yake tu.

Kando ya kitanda chake alilala mzee aliyepata kiharusi, naye akiwa na nimonia upande wa kulia. Daktari alitupitisha hapo makusudi. Huyu hakuvuta kitu kigumu. Mate na uji vilikuwa vinapita njia ya hewa kwa sababu hakuweza kumeza vizuri, na alikuwa amelazwa chali muda wote. Weupe kwenye picha yake haukuwa chini kabisa. Ulikuwa nyuma, kwenye kipande cha juu cha lobu ya chini, na kidogo nyuma ya lobu ya juu. Mtu akiwa chali, hivyo ndivyo vipande ambavyo milango yake inatazama chini. Aliyeketi au kusimama, majimaji yatateremka mpaka kwenye kitako cha lobu ya chini. Umbo la bronkasi ndilo linaloamua pafu, mkao wa mgonjwa unaamua kipande. Siku hiyohiyo tuliagiza kichwa cha kitanda cha mzee kiinuliwe na asilishwe kwa mdomo mpaka umezaji wake upimwe.

Mwalimu alipelekwa chumba cha upasuaji siku iliyofuata. Alipewa nusukaputi, na bronkoskopu ngumu, kifaa cha kutazamia ndani ya njia za hewa, ikapitishwa, kwa sababu kupitia bomba lake mgonjwa anaendelea kupewa hewa huku koleo imara ikifanya kazi. Niliruhusiwa kusimama nyuma ya skrini. Nyuzi za sauti zilipita, kisha pete za gegedu za bomba la hewa, moja baada ya nyingine, halafu karina, nyembamba na nyeupe. Kuingia kulia hakukuhitaji chochote, kifaa kilikuwa tayari kinatazama kule. Ili kukagua kushoto, ilibidi kichwa cha mgonjwa kigeuzwe ili njia inyooke.

Mlango wa lobu ya juu ulikuwa wazi na safi, kama picha ilivyosema. Chini yake kidogo palikuwa na nyama nyekundu iliyovimba, inayotoka damu ikiguswa, na katikati yake ukingo wa buluu. Palepale ndani ya duara la bahasha. Daktari alinyunyiza dawa ya kupunguza utokaji wa damu, akasubiri, akashika ukingo, akazungusha kidogo. Hakuvuta kwa nguvu. Kitu kikiponyoka wakati wa kutolewa kinaweza kudondokea upande wa pili, na hapo mgonjwa anabaki na pafu moja lililoziba ghafla na jingine lenye usaha. Kilipotoka, usaha uliokuwa umezuiliwa nyuma yake ulibubujika, tukaunyonya kwa muda mrefu.

Kilikuwa kifuniko kifupi, kama sentimita 3, chenye tundu kwenye ncha. Tundu lile huwekwa kwa makusudi. Kiwango cha kimataifa, ISO 11540, kinataka vifuniko vya kalamu zinazotumiwa na watoto visiweze kuziba njia ya hewa kabisa endapo vitavutwa. Ndiyo sababu lobu zile mbili zilikuwa bado zinapata hewa kidogo, na ule mluzi niliousikia ulikuwa wa hewa inayojipenyeza mahali pembamba. Hewa ilipita, makohozi hayakuweza kupita, na bakteria wakapata pa kukaa.

Nilimuuliza daktari kama basi kila anayepaliwa tutafute kulia. Alikataa. Kwa mtoto mdogo pembe za bronkasi mbili hazitofautiani sana, na kushoto hukutwa vitu vingi tu. Hata kwa mtu mzima, kulia ni pa kuanzia, si pa kuishia. Ndiyo maana alikagua kushoto pia baada ya kifuniko kutoka.

Mwalimu alirudi kliniki baada ya wiki kadhaa. Homa haikuwa imerudi. Kwenye picha mpya ukingo wa moyo ulionekana vizuri, na diaframu pia, isipokuwa kona moja ya chini ambako mirija midogo ilikuwa imetanuka kwa kukaa na usaha miezi yote ile. Sehemu hiyo haitarudi kama zamani. Anakohoa makohozi kidogo kila asubuhi, na mtaalamu wa fiziotherapia alimfundisha kulalia ubavu wa kushoto, kifua kikiwa chini kuliko nyonga, ili yatoke.