Video ya kwaya iko hewani!

Jioni hii "Umenihifadhi" ya kwaya yetu imepanda YouTube.

Jamani, kurekodi kulikuwa na nafuu kuliko kuandika maelezo ya chini ya video.

Mistari ya mwanzo ndiyo huonekana kabla mtu hajabonyeza, basi nikaanza na jina la wimbo na la kwaya. Yakafuata maneno yote ya wimbo, kisha mtunzi, mpiga kinanda, fundi sauti na mpiga picha.

Halafu tahajia! Wapo watakaotafuta "Umeniifadhi", wengine "Umenihifazi". Hizo nimezitia kwenye tagi, maana kuzirundika kwenye maelezo YouTube hawaruhusu.

Mpiga kinanda kaliona jina lake, akauliza mara mbili, "Limeandikwa kabisa?"

Nyie mngeandikaje jina la wimbo mkiutafuta? Nitajieni hapa niongeze.